Muhuri wa Ishirini na Mbili

Ukifika mtaa wa Murara ukauliza kwa Mahamudi sonara, utaulizwa nawe: yupi, Mahamudi Mkono? Ndiye huyo huyo. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia havikunjiki tangu mwaka 2002, na kidole gumba kimegeukia nje. Nyundo huishika kwa kushoto. Wageni hudhani ni lava, kwa sababu kila kilichovunjika Goma mwaka ule husingiziwa lava. Lava haikumgusa. Mkono ule ulivunjwa na mtu, mchana kweupe, juu ya fuawe lake mwenyewe, kwa nyundo yake mwenyewe. Na kama unataka ukweli wote, Mahamudi husema alistahili, ingawa mimi naona hakuna anayestahili vile.

Ana jambo jingine linalowashangaza wateja. Hapigi muhuri. Ukimletea kazi atakutengenezea pete nzuri kuliko sonara yeyote wa mji, lakini ukimwomba aandike ndani namba ya karati, atakataa. Atakuita usogee, atasugua pete kwenye jiwe jeusi mbele ya macho yako na kudondosha asidi, na wewe mwenyewe utaona mstari umebaki au umeliwa. Basi. Ukitaka kuandikiwa, nenda kwingine.

Alizaliwa katika familia ya Kiislamu iliyotoka Kasongo, huko Maniema, na ufundi aliurithi kwa baba yake. Mwaka 1996, vita vilipoingia mjini, alikuwa na duka dogo katikati ya mji. Askari wa kwanza waliokuwa wakikimbia walivunja mlango wakachukua mikufu. Siku nne baadaye wakaja wale waliowakimbiza, wakakuta mlango umeshavunjwa, wakamlaza Mahamudi chini na kumpiga mateke ya mbavu mpaka akaonyesha kasha lililofichwa chini ya meza. Ndani ya kasha ilikuwamo dhahabu ya wateja. Mbavu zilipona. Wateja walirudi na kudai mali zao.

Mwaka uliofuata Idriss, dereva wa lori la njia ya Bukavu, alitaka kuoa. Akaagiza bangili sita za karati ishirini na mbili kwa ajili ya Jamila, akalipa zote mapema, akicheka. Hapo ndipo Mahamudi alipofanya ujinga wake. Dhahabu aliyoinunua kwa pesa za Idriss aliigawa, nyingine akawafidia wateja wanaodai, na iliyobaki akaitia shaba na fedha mpaka ikawa karati kumi na nne tu. Rangi ilififia. Akazipasha moto bangili na kuzitumbukiza kwenye asidi, tena na tena, mpaka shaba ya juu ikaliwa na ngozi ikabaki njano safi. Kisha akapiga ndani muhuri wake, herufi M na namba 22. Alijiambia ni mara hii moja tu, na kwamba bangili za arusi haziuzwi. Mwanamke huzikwa nazo au humpa binti yake. Nani angekuja kuzipima?

Januari 2002 mlima ulipasuka. Moto ulishuka ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, na duka la Mahamudi likawa chini ya mawe meusi marefu kuliko mtu. Yeye aliokoa fuawe, mizani, jiwe la kupimia, chupa tatu za asidi, na kopo la maziwa. Katika kopo zilikuwamo dola mia sita, na kipande cha dhahabu safi cha gramu arobaini alichokiyeyusha kidogo kidogo kwa miaka mitano. Alikimbilia ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, akarudi baada ya siku chache, akafungua kazi barazani kwa dada yake hapo Murara. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Watu walikuwa wakilala juu ya mawe yenye joto, na kila asubuhi kulikuwa na foleni ya wanawake mbele ya baraza, kila mmoja na kitambaa kilichofungwa fundo. Walikuwa wakiuza dhahabu wanunue mabati.

Mahamudi aliwaeleza wote jambo moja, kwa upole, kwa sababu lilikuwa likiwaumiza. Dhahabu safi ni sehemu ishirini na nne. Ya karati ishirini na mbili ina sehemu ishirini na mbili za dhahabu, mbili zilizobaki ni shaba au fedha. Ya kumi na nane ina robo nzima isiyo dhahabu. Mnunuzi wa vya zamani hanunui ua lililochorwa, wala jiwe jekundu lililopachikwa, wala machozi ya bibi aliyekuachia. Vyote hivyo vinaenda kwenye moto. Analipa dhahabu iliyomo tu, kwa bei ya siku. Wiki zile gramu ya dhahabu safi ilikuwa dola tisa, mnunuzi akiwa ameshajikatia chake.

Jumatatu moja ya mwezi wa Machi, Jamila alikuja. Hakusubiri foleni. Viatu vyake havikufanana, kimoja cha kike, kimoja cha mumewe.

"Papa Mahamudi, balimukamata Idriss."

"Nani balimukamata?"

"Ba kapiteni Léopold. Banasema alibebea maadui mizigo ku lori. Uongo mutupu. Banataka dola mia tisa. Banasema kila siku yenye sitaleta, batanirudishia kipande yake."

Alifungua kitambaa. Bangili sita ziligongana, na Mahamudi akazijua kabla hazijatulia. Aliziweka kwenye mizani kwa sababu mikono yake ilihitaji kitu cha kufanya. Gramu mia moja na kumi.

Hesabu ilijipiga kichwani bila yeye kuiita. Zingekuwa za ishirini na mbili kama muhuri unavyosema, ndani mngekuwa na gramu mia moja na kitu za dhahabu safi, yaani dola mia tisa na saba. Idriss angekuwa nyumbani kabla ya sala ya adhuhuri. Kwa kumi na nne, ndani mlikuwa na gramu sitini na nne tu. Dola mia tano sabini na saba.

Na hapo, kwa haki, aambiwe lake. Kopo la maziwa lilikuwa chini ya kitanda cha dada yake, hatua kumi kutoka pale alipoketi. Dola mia sita na kile kipande zilitosha kumlipa Jamila bei ya muhuri, na chenji ikabaki. Alichopaswa kufanya ni kuinuka. Lakini kuinuka ni kubaki mikono mitupu, baada ya kuporwa mara mbili na kuunguzwa mara moja. Aliogopa. Akamtazama mwanamke yule usoni na kusema:

"Mama, siko na makuta. Moto ilikula yote. Enda ku Birere, kwa Kambere. Ye iko na pesa."

"Lakini hizi ulizifanya weye! Andika tu karatasi useme ni vingt-deux, ishirini na mbili."

"Kambere anajua kupima," Mahamudi alisema, akamfungia kitambaa chake.

Kambere alijua kupima, ndiyo. Alikuwa Mnande wa Butembo, mtu wa misa ya kila Jumapili, mwenye maneno machache. Hakusugua bangili juu juu. Alichukua tupa, akakata kijichale ili apite ngozi, ndipo akasugua kwenye jiwe mahali palipochanjwa. Mstari ulififia chini ya asidi ya kumi na nane na kusimama chini ya asidi ya kumi na nne. Akamwambia Jamila ni mia tano sabini, hata senti moja zaidi hapana. Jamila alimwita mwizi mbele ya soko zima. Alimwonyesha muhuri. Alimwambia anamchuna mwanamke ambaye mumewe yuko kwenye kisu. Kambere aliinua mabega akamrudishia bangili zake, na moja ilikuwa na kovu la tupa. Akaondoka nazo, akaenda kuomba kwa ndugu, kwa madereva, msikitini. Mji mzima ulikuwa umeungua. Alikusanya dola thelathini na moja.

Mahamudi alizisikia habari hizo Jumanne kutoka kwa wateja, na Jumatano akazisikia tena. Kila usiku alisema kesho nitakwenda kwa Jamila na kopo. Hakwenda.

Alhamisi, kama saa nne asubuhi, pikapu ilipanda kokoto za Murara na kusimama mbele ya baraza. Foleni ya wanawake ikayeyuka. Alishuka kapiteni Léopold wa jeshi la waasi, kijana mwembamba mwenye miwani safi, akifuatwa na sajenti aliyeitwa Adalbert na askari aliyekuwa akiendesha. Walimvuta Jamila kutoka mbele, na kutoka nyuma wakamtupa chini Idriss, amefungwa mikono kwa waya. Kichwa chake kilizungushwa shati, na shati upande wa kushoto lilikuwa jeusi na limekauka. Alianguka bega likatangulia na hakupiga kelele. Mahamudi aliona hilo, kwamba hakupiga kelele.

"Muzee," kapiteni alisema, akaziweka bangili sita mezani. "Huyu mwanamuke hana pesa. Ananipa hizi, anasema zinafika mia tisa, na anasema weye ndiye ulizitengeneza. Mimi siko sonara. Pima."

Jamila alimtazama Mahamudi kwa macho ya mtu aliyefika kwa shahidi wake. "Mwambie, Papa Mahamudi. Mwambie tu."

Chupa tatu za asidi hazikuwa na maandishi. Mahamudi alizitambua kwa nyuzi shingoni: nyeupe kwa kumi na nne, nyekundu kwa kumi na nane, nyeusi kwa ishirini na mbili. Hakuna mwingine aliyejua. Alisugua bangili kwenye jiwe mpaka mstari wa njano ukatokea, akachukua chupa ya uzi mweupe, akadondosha tone. Mstari haukutikisika. Asidi ile ilikuwa dhaifu mno kuigusa dhahabu ya kumi na nne.

"Hii ndiyo asidi ya vingt-deux," alisema. "Ingekuwa chini, mustari ungeenda. Unaona? Umebaki."

Kapiteni aliinama, akatazama, akatikisa kichwa kukubali. Idriss alipumua chini pale, pumzi ndefu yenye povu. Na mambo yangeishia hapo, kama Adalbert asingalikuwa amechimba dhahabu Ituri miaka mitatu kabla ya kushika bunduki.

"Mon capitaine, asidi yake mwenyewe, chupa yake mwenyewe," sajenti alisema. "Moto haudanganyi. Apashe ile, na apashe pete yake pamoja."

Mahamudi alikuwa na pete ya marehemu mama yake kidoleni, ya ishirini na mbili ya kweli. Alisema moto utaharibu bangili. Adalbert akampiga kitako cha bunduki shavuni, akaivua pete ile kwa nguvu na ngozi ya kiungo ikaenda nayo. Mahamudi akawasha mkaa, akapuliza. Damu ilimdondokea ndevuni. Pete na bangili ziliiva pamoja zikawa nyekundu, akazitoa kwa koleo, akaziacha zipoe juu ya tofali. Watu watano walisimama wakitazama tofali.

Pete ilirudi njano, imefifia kidogo tu. Bangili ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Shaba yote iliyojificha ndani ilikuwa imetoka juu.

Kapiteni hakupandisha sauti. Alimwendea Jamila akampiga kofi la uso lililomwangusha juu ya mumewe. Alitoa bastola, akamkanyaga Idriss shingoni, akamwelekezea kwenye shati lile jeusi.

"Siku ine mukinifanya mujinga. Unaniletea shaba."

"Si shaba! Wallahi si shaba!" Jamila alilia, akikumbatia buti. "Papa Mahamudi, sema!"

Watu wengi wamemuuliza Mahamudi alifikiri nini saa ile. Anasema hakufikiri kitu. Alisikia kile kidude cha bastola kikivutwa nyuma, na mdomo wake ukafunguka.

"Ni mimi! Muache, ni mimi. Tazama ndani, iko M, njo jina yangu. Nililipwa ya vingt-deux, nikaweka quatorze, kumi na nne. Hawa babili habakujua. Ni mimi nilibaiba."

Jamila aliacha kulia. Ilikuwa ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Kapiteni aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kwa bei yako, hizi ni ngapi?"

"Mia tano sabini na saba."

"Na mimi nilisema mia tisa."

Mahamudi aliingia ndani, Adalbert nyuma yake, akalivuta kopo kutoka chini ya kitanda. Alitaka kuhesabu mia tatu na kitu za upungufu. Kapiteni alilipokonya kopo zima, noti na kipande, akazitia bangili juu yake, na pete ya mama pia. Akamwambia Adalbert amkate Idriss waya. Mahamudi akadhani yameisha.

"Muhuri ulipiga na mukono gani?" kapiteni aliuliza.

Mahamudi aliuficha wa kulia nyuma ya mgongo. Walijua wenyewe. Adalbert aliushika mkono wa kulia akaubandika juu ya fuawe, na yule askari dereva akamkalia mgongoni. Nyundo ilikuwa pale pale, ile ya kupigia muhuri. Pigo la kwanza lilivunja vidole viwili. La pili lilivunja cha tatu. Kwa la tatu kidole gumba kiligeuka, na Mahamudi akapiga ukelele uliosikika mpaka barabara ya uwanja wa ndege, hivyo ndivyo majirani wanavyosema. Waliokuwa foleni walikuwa wamelala kifudifudi nyuma ya mawe ya lava. Pikapu ikaondoka na kopo la maziwa likigongagonga mbele.

Mganga wa mifupa aliufunga mkono ule kwa mianzi. Kwa wiki tatu hakuja mteja hata mmoja, kwa kuwa habari ilikuwa imefika Birere kabla ya damu kukauka. Kambere peke yake alipita, akaacha mfuko wa mchele mlangoni, akaenda zake bila salamu.

Wiki ya nne Jamila alikuja, na Idriss nyuma yake ameshika ncha ya kanga yake ili ajue njia. Shati lilikuwa limetolewa, badala yake kitambaa cheupe kilifunika jicho la kushoto. La kulia lilikuwa limevimba, na daktari alikuwa amesema litafunguka. Mahamudi aliinuka, akawatolea kigoda. Hawakukaa.

Alikuwa ameyaandaa maneno. Kwamba atawalipa, kidogo kidogo, hata ikichukua miaka kumi. Kwamba anajifunza kutumia mkono wa kushoto. Kwamba hajalala. Jamila alimwacha aseme yote mpaka yakaisha.

"Sikuje juu ya bangili," alisema. "Niko na swali moja. Ile siku ya kwanza, yenye nilikuja na viatu ya kutofanana, ulikuwa unajua?"

Mahamudi alitazama chupa zake tatu. Uongo ulikuwa karibu, na ulikuwa rahisi, na asingeupima mtu yeyote.

"Nilijua."

"Na makuta? Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo. Ndani ya nyumba, pale."

Idriss aligeuza uso kuelekea pale sauti ilipoonyesha, mlangoni, hatua kumi, kana kwamba angeweza kuuona. Mahamudi alijiuma midomo akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya wateja wawili waliokuwa wameanza kurudi. Jamila hakulia. Alirekebisha kitambaa cha mumewe kilichokuwa kimeteleza, akakifunga vizuri nyuma ya sikio.

"Jicho balilitoa siku ya tatu, Papa Mahamudi," alisema. "Jumatatu alikuwa nayo yote mbili."

Akamshika mumewe mkono, wakashuka barazani polepole, yeye akimwambia wapi pana jiwe. Mahamudi akaketi. Baada ya muda mmoja wa wale wateja, mama mmoja aliyekuwa na hereni za binti yake, alisogea akaziweka mezani, akauliza kwa sauti ndogo kama ni za kumi na nane kweli, maana ndani zimeandikwa.

"Achana na yenye iliandikwa, mama," Mahamudi alisema, akachukua jiwe kwa mkono wa kushoto. "Sogea hapa, utazame."